Kipeuo ndani ya kipeuo: kurahisisha swali lililopigwa picha na kuondoa vipeuo kwenye asili, hatua kwa hatua

Kila unapokaribia mtihani napokea picha za kurasa za hesabu kutoka kwa wanafunzi, na swali la vipeuo hurudi mara nyingi kuliko mengine. Nikikagua kazi zao naona makosa yaleyale: mmoja amesoma picha vibaya, mwingine amegawa kipeuo juu ya alama ya kujumlisha, wa tatu amefika hadi mstari wa mwisho akakata namba moja na kuisahau ya pili. Wengi wanajua kuzidisha na kugawanya vizuri. Kinachowaangusha ni kubadilisha mstari mmoja kuwa mwingine bila kujua ni kanuni gani inayoruhusu.

Kwa hiyo hapa tutafanya swali moja tu kuanzia kwenye picha hadi jibu, na kila badiliko litaandikiwa sababu yake. Mwishoni nitaonyesha pale ambapo njia hii inahitaji kurekebishwa, na pale inapokataa kabisa.

## Vitu vya kuandaa

- Picha yenye swali zima, pamoja na maelekezo yake ("rahisisha", "ondoa vipeuo kwenye asili", "andika katika umbo a + b√c"). Picha iliyokata maelekezo ni nusu ya swali.
- Karatasi yenye mistari, penseli na kifutio. Usifanye kazi pembeni mwa picha wala kichwani.
- Miraba ya namba 1 hadi 20, iwe kichwani au kwenye kipande cha karatasi: 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49 na kuendelea hadi 400.
- Makadirio matatu: √2 ≈ 1.4142, √3 ≈ 1.7321, √5 ≈ 2.2361. Haya yatakusaidia hata pale usiporuhusiwa kikokotoo.
- Kikokotoo, kama unacho, kwa ajili ya kukagua tu.

Kuhusu maneno: nikisema *kiasi* namaanisha namba ya juu ya sehemu, na *asili* ni ile ya chini. *Kipeuo* bila maelezo zaidi ni kipeuo cha pili. Ule mstari mlalo unaotoka kwenye alama ya √ na kufunika namba nitauita *paa*, kwa sababu kila kilicho chini yake kinakaa nyumba moja.

## Hatua ya 1: Soma picha kabla ya kugusa hesabu

Swali letu, kama lilivyo kwenye ukurasa, ni sehemu. Juu kuna kipeuo kirefu chenye 11 − 6√2 ndani yake. Chini kuna kipeuo kirefu chenye 9 + 4√2. Maelekezo: rahisisha, jibu lisiwe na kipeuo kwenye asili.

Kuza picha mpaka swali lijaze kioo cha simu, kisha tazama mambo manne kwa mpangilio huu.

Paa linaishia wapi? Hili ndilo la kwanza kwa sababu ndilo linalobadilisha swali zima. Wino wa paa ni mwembamba, na simu ikiwa imepigwa kwa pembe au mkono ukitikisika, paa hupotea katikati. Ukiona paa limefunika 11 peke yake utasoma √11 − 6√2, ambayo ni takriban 3.317 − 8.485, yaani −5.169. Paa likifunika zote, ni kipeuo cha takriban 2.515, yaani 1.586. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Fuata ncha ya paa hadi mwisho wake wa kulia. Katika vitabu vilivyochapwa, paa la nje huwa juu zaidi ya paa la ndani, kwa hiyo ukiona mistari miwili imepandana juu ya ile 2 ya mwisho, basi kipeuo kimo ndani ya kipeuo.

Namba iliyo mbele ya √ ni kubwa au ndogo? Namba yenye ukubwa wa kawaida, iliyosimama kwenye mstari mmoja na nyingine, inazidisha: 4√2 ni mara nne ya kipeuo cha 2, takriban 5.657. Namba ndogo iliyobebwa juu ya bega la alama ni aina ya kipeuo: ⁴√2 ni kipeuo cha nne, takriban 1.189. Linganisha kimo cha hiyo 4 na kimo cha 9 iliyo jirani. Zikilingana, inazidisha.

Mstari wa sehemu ni mstari kweli? Mkunjo wa karatasi nao hupita mlalo na kuonekana kama mstari wa sehemu. Mkunjo huendelea hadi ukingo wa ukurasa, mstari wa sehemu huishia pale maandishi yanapoishia. Vilevile, kwenye karatasi nyepesi maandishi ya upande wa pili huvuja, na alama ya kutoa inaweza kuwa kivuli tu.

Tarakimu zinazofanana. 5 na 6, 1 na 7, 3 na 8. Usikisie bado. Weka alama ya kuuliza pembeni kwa kila tarakimu yenye shaka, tutairudia.

Kama ukurasa unao mwenyewe, piga picha upya: uuweke mezani, ubonyeze ulale, simu iwe juu yake sawasawa, na mwanga utoke pembeni ili kivuli cha mkono wako kisianguke kwenye swali.

*Umefaulu hatua hii ukiwa* unaweza kumsomea mtu swali kwa mdomo bila yeye kuona picha, naye akaliandika sawasawa.

## Hatua ya 2: Nakili, na kila paa liwe mabano

Andika swali kwenye karatasi hivi:

√(11 − 6√2) ÷ √(9 + 4√2)

Sababu: mabano hayapotei kama paa. Ukifungua mabano lazima uyafunge, na pale unapoyafunga ndipo unapotangaza paa linaishia wapi. Mtu akikosea kusoma picha, kosa litaonekana hapa kabla halijala dakika ishirini.

Baada ya kunakili, rudi kwenye picha na ulinganishe alama moja moja. Kisha weka picha kando. Tangu sasa unafanyia kazi nakala.

## Hatua ya 3: Kadiria jibu

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. 6√2 ni takriban 8.485, kwa hiyo 11 − 8.485 = 2.515, na kipeuo chake ni karibu 1.586. Chini, 4√2 ni takriban 5.657, ukijumlisha 9 unapata 14.657, na kipeuo chake ni karibu 3.828. Ukigawanya 1.586 kwa 3.828 unapata karibu 0.414.

Iandike hiyo 0.414 kwenye kona ya karatasi na uizungushie duara. Sababu ni kwamba kila mstari tutakaoandika kuanzia hapa lazima uwe na thamani ileile. Kurahisisha kunabadilisha sura ya namba, thamani yake haiguswi. Mstari wowote ukikupa thamani nyingine, kosa liko kati ya mstari huo na ule uliotangulia, na huhitaji kuanza upya.

Mwanzo huu pia unathibitisha kitu kingine: 11 − 6√2 ni chanya, kwa hiyo kipeuo chake kipo. Kama ungepata hasi chini ya paa, ungerudi kwenye picha.

## Hatua ya 4: Leta kipeuo cha ndani kwenye umbo la 2√

Tunaanza na kiasi: √(11 − 6√2).

Onyo kwanza, kwa sababu hapa ndipo wengi huanguka. Huruhusiwi kuandika √11 − √(6√2). Kipeuo hugawanyika juu ya kuzidisha, si juu ya kujumlisha wala kutoa. Jaribu kwa namba rahisi: √(9 + 16) ni √25, yaani 5, lakini √9 + √16 ni 7.

Njia sahihi inatokana na kanuni unayoijua ya kufungua mabano:

(√a − √b)² = a + b − 2√(ab)

Itazame upande wa kulia. Kuna sehemu isiyo na kipeuo, a + b, na sehemu yenye kipeuo, 2√(ab). Umbo hilo ndilo hasa lililo chini ya paa letu: 11 halina kipeuo, na 6√2 lina kipeuo. Kwa hiyo swali tunalojiuliza ni hili: je, 11 − 6√2 ni mraba wa kitu fulani? Ikiwa ndiyo, paa la nje litaondoka, kwa kuwa kipeuo cha mraba hurudisha kile kitu.

Lakini kanuni inadai namba 2 mbele ya kipeuo, na sisi tuna 6. Tunaigawa 6 kuwa 2 × 3, kisha tunaingiza 3 ndani:

6√2 = 2 × 3√2 = 2 × √9 × √2 = 2√18

Sababu: 3 ni sawa na √9, na √9 × √2 = √18, kwa kuwa kipeuo hukubali kuzidisha. Angalia kwamba 3 inaingia ikiwa 9. Anayeiingiza ikiwa 3 atapata 2√6, na hesabu yote itakayofuata itakuwa ya swali jingine.

Sasa kiasi kinasomeka √(11 − 2√18).

Kwa asili tunafanya vilevile: 4√2 = 2 × 2√2 = 2√8, kwa hiyo √(9 + 4√2) ni √(9 + 2√8).

*Umefaulu ukiwa* kila paa la nje lina umbo la "namba, alama, 2√namba", na thamani hazijabadilika: 2√18 bado ni 8.485, na 2√8 bado ni 5.657.

## Hatua ya 5: Jaribu kama paa linaweza kuondoka

Si kila kipeuo ndani ya kipeuo hurahisika. Kabla ya kuhangaika kutafuta namba, pima. Chukua namba isiyo na kipeuo, ipige mraba. Toa mraba wa sehemu yenye kipeuo. Matokeo yakiwa mraba kamili, endelea.

Kiasi: 11² − (6√2)² = 121 − 72 = 49, ambayo ni 7².

Asili: 9² − (4√2)² = 81 − 32 = 49, tena 7².

Zote zimekubali. Kwamba zimetoa 49 zote mbili ni mpango wa mtunga swali, usilitarajie kila siku.

Kwa nini jaribio hili linafanya kazi? Tunatafuta a na b ambazo jumla yake ni 11 na zao lake ni 18. Kuna kanuni inayounganisha jumla, zao na tofauti:

(a − b)² = (a + b)² − 4ab

Upande wa kulia ni 11² − 4 × 18 = 121 − 72, na hiyo ndiyo 49 tuliyoipata. Kwa maneno mengine, jaribio limetupatia mraba wa tofauti ya namba mbili tunazozitafuta. Tofauti ikiwa namba kamili, namba zenyewe zinapatikana bila kuzaa kipeuo kipya. Ikiwa si mraba kamili, a na b zenyewe zingekuwa na vipeuo ndani, na tungekuwa tumeondoa paa moja na kuezeka mengine mawili.

## Hatua ya 6: Pata namba mbili na uondoe paa

Kwa kiasi, jumla ni 11 na tofauti ni 7. Kubwa ni (11 + 7) ÷ 2 = 9, ndogo ni (11 − 7) ÷ 2 = 2. Hakiki: 9 × 2 = 18. Sawa.

Kwa hiyo

11 − 2√18 = (√9 − √2)² = (3 − √2)²

na

√(11 − 6√2) = 3 − √2

Hapa simama kidogo kwenye suala la mpangilio. (√2 − 3)² nayo inatoa 11 − 6√2, kwani mraba hauoni alama. Kwa nini basi hatuandiki √2 − 3? Kwa sababu √2 − 3 ni hasi, takriban −1.586, na alama ya √ kwa makubaliano inadai jibu lisilo hasi. Kanuni ya kukumbuka: penye alama ya kutoa, namba kubwa hutangulia. Nimewahi kusahihisha kazi ambayo kila mstari ulikuwa sahihi isipokuwa huu, na jibu la mwisho likatoka na alama kinyume. Mwanafunzi alilia kwamba amefuata kanuni. Alikuwa ameifuata kweli, lakini hakulinganisha na kadirio.

Kwa asili, jumla ni 9 na tofauti ni 7. Kubwa ni 8, ndogo ni 1. Zao ni 8, sawa.

√(9 + 4√2) = √8 + √1 = 2√2 + 1

√8 imekuwa 2√2 kwa sababu 8 = 4 × 2, na √4 ni 2.

Kagua thamani: 3 − 1.4142 ni 1.586, na 2.8284 + 1 ni 3.828. Zinalingana na za Hatua ya 3. Sasa swali ni dogo:

(3 − √2) ÷ (2√2 + 1)

## Hatua ya 7: Ondoa kipeuo kwenye asili

Kwanza, kwa nini tujisumbue? Kugawanya 1.5858 kwa 3.8284 kwa mkono ni kazi ndefu, ilhali kugawanya kwa namba kamili ni kazi ya mstari mmoja. Pia jibu lile lile linaweza kuvaa sura nyingi likiwa na kipeuo chini, na huwezi kujua kama lako na la kitabu ni kitu kimoja. Kipeuo kikiondoka kwenye asili, sura hubaki moja na kulinganisha kunakuwa rahisi.

Asili yetu ina sehemu mbili, 2√2 na 1. Tunaizidisha kwa mwenzake wa alama kinyume, yaani 2√2 − 1. Sababu ni kanuni hii:

(x + y)(x − y) = x² − y²

Upande wa kulia kila kitu kimepigwa mraba, na kipeuo kikipigwa mraba kinakwisha. Zile sehemu za kati, −xy na +xy, zinafutana. Hakuna mwenza mwingine rahisi anayefanya hivyo. Mtu akizidisha kwa 2√2 + 1 yenyewe atapata 8 + 4√2 + 1, yaani 9 + 4√2, kile kile tulichokuwa nacho chini ya paa mwanzoni. Amezunguka akarudi mlangoni.

Na tukizidisha asili, lazima tuzidishe kiasi kwa kitu kilekile, kwa sababu (2√2 − 1) ÷ (2√2 − 1) ni 1, na kuzidisha kwa 1 hakubadilishi thamani. Kuzidisha chini peke yake kunabadilisha swali.

Asili:

(2√2 + 1)(2√2 − 1) = (2√2)² − 1² = 8 − 1 = 7

Angalizo: (2√2)² ni 2² × (√2)², yaani 4 × 2 = 8. Wanaoandika 4 wamepiga mraba ile 2 na kuisahau √2. Wanaoandika 2 × 2 wamefanya kinyume chake. Wote wanapata asili 3 badala ya 7.

Kiasi: fungua mabano kwa mpangilio, kila sehemu ya kwanza ikutane na kila sehemu ya pili.

(3 − √2)(2√2 − 1)

3 × 2√2 = 6√2

3 × (−1) = −3

(−√2) × 2√2 = −2 × 2 = −4

(−√2) × (−1) = +√2

Kusanya zinazofanana. Zenye √2: 6√2 + √2 = 7√2. Zisizo na kipeuo: −3 − 4 = −7. Kiasi ni 7√2 − 7.

6√2 na √2 zinajumlishika kwa sababu zote ni idadi ya kitu kimoja, √2, kama machungwa sita na chungwa moja. √2 na √3 zisingejumlishika.

## Hatua ya 8: Kata, lakini kata zote

(7√2 − 7) ÷ 7

Hapa kuna mtego wa mwisho. Ile 7 ya chini inagawanya kiasi chote. Toa kwanza 7 nje ya mabano, ndipo ukate:

7(√2 − 1) ÷ 7 = √2 − 1

Sababu ya kutoa nje kwanza ni kwamba kukata maana yake ni kugawanya juu na chini kwa namba ileile, na juu kunahesabiwa kuwa kimegawanywa pale tu 7 inapozidisha kiasi kizima. Anayekata 7 ya kwanza peke yake anabaki na √2 − 7, takriban −5.586. Tazama duara lako kwenye kona: lilisema 0.414.

√2 − 1 = 1.4142 − 1 = 0.4142. Imelingana.

## Hatua ya 9: Hakiki kwa njia ya pili

Kikokotoo kinaweza kuthibitisha ukiandika mabano yote:

```
√(11-6×√(2))÷√(9+4×√(2))
```

Kinachoonekana kinapaswa kuanza na 0.41421. Ukiacha mabano ya nje, kikokotoo kitafanya kosa lilelile la paa fupi.

Mimi napenda zaidi kuhakiki kwa mkono kwa kupita barabara nyingine, kwani wanaosahihisha hutazama hoja. Vipeuo viwili vinavyogawanyana vinaweza kuwekwa chini ya paa moja, mradi vilivyomo ni chanya. Kwa hiyo swali letu ni kipeuo cha (11 − 6√2) ÷ (9 + 4√2). Zidisha juu na chini kwa 9 − 4√2. Chini tunapata 81 − 32 = 49. Juu:

99 − 44√2 − 54√2 + 48 = 147 − 98√2

Gawanya kwa 49: 3 − 2√2. Sasa tafuta namba mbili zenye jumla 3 na zao 2: ni 2 na 1. Kubwa hutangulia, kwa hiyo √(3 − 2√2) = √2 − 1. Jibu lilelile, na safari hii tuliondoa kipeuo kwenye asili kwanza, paa baadaye. Mpangilio wowote unakubalika. Wa kwanza huzaa namba ndogo ndogo, ndiyo maana nimeutanguliza.

## Kipeuo cha ndani kisipokuwa na 2 ya kutoa

Chukua √(2 + √3). Jaribio linakubali: 4 − 3 = 1. Lakini mbele ya √3 hakuna 2, na huwezi kuitoa kwenye 1 bila sehemu. Tengeneza hiyo 2: zidisha na kugawanya kwa 2 chini ya paa.

√(2 + √3) = √((4 + 2√3) ÷ 2) = √(4 + 2√3) ÷ √2

Jumla 4, zao 3: namba ni 3 na 1. Tunapata (√3 + 1) ÷ √2. Asili sasa ina kipeuo kimoja tu, kwa hiyo haihitaji mwenza wa alama kinyume; inatosha kuzidisha juu na chini kwa √2, kwani √2 × √2 = 2.

Jibu: (√6 + √2) ÷ 2, takriban 1.932. Na kipeuo cha 3.732 ni 1.932.

## Jaribio likikataa

Tuseme umesoma √(7 + 2√5). Pima: 49 − 20 = 29. Si mraba kamili. Hakuna namba kamili wala sehemu zitakazofaa kuwa a na b, na kuendelea kutafuta ni kupoteza muda.

Sasa zirudie zile alama za kuuliza za Hatua ya 1. Ile 5 ni 5 kweli? Ikiwa ni 6, basi 49 − 24 = 25, na jibu ni √6 + 1. Ikiwa ni 10 iliyosomwa vibaya kwenye mkunjo, 49 − 40 = 9, na jibu ni √5 + √2. Zote mbili ni nzuri, na hapo ndipo hatari ilipo: usichague tarakimu kwa sababu inakupa jibu la kupendeza. Omba picha nyingine, tafuta nakala ya mwenzako, au tazama majibu ya nyuma ya kitabu. Ukithibitisha kwamba ni 5, basi √(7 + 2√5) ndilo jibu lenyewe. Liandike hivyo, na chini yake onyesha 49 − 20 = 29 ili anayesahihisha ajue ulipima.

## Ile 3 ndogo begani

Ukikuza picha ukakuta asili ni ∛3 − 1 na si 3√… kama ulivyodhani, mwenza wa alama kinyume hakusaidii. (∛3 − 1)(∛3 + 1) inatoa ∛9 − 1, na kipeuo bado kipo, kwa sababu kipeuo cha tatu hakiishi kwa kupigwa mraba. Kinahitaji kuzidishwa mara tatu. Kanuni inayofaa ni hii:

(x − y)(x² + xy + y²) = x³ − y³

Weka x = ∛3 na y = 1. Mwenza ni ∛9 + ∛3 + 1, na asili inakuwa 3 − 1 = 2. Kwa hiyo

1 ÷ (∛3 − 1) = (∛9 + ∛3 + 1) ÷ 2

∛3 ni takriban 1.4422 na ∛9 ni takriban 2.0801. Upande wa kushoto, 1 ÷ 0.4422 ni karibu 2.261. Upande wa kulia, 4.5223 ÷ 2 ni 2.261. Kama asili ingekuwa ∛3 + 1, alama ya katikati ya mwenza ingegeuka, ∛9 − ∛3 + 1, na asili ingekuwa 3 + 1 = 4.